Ratiba mpya ya basi la wafanyakazi: namna ya kuitangaza bila kumwacha mtu kituoni

Matangazo mengi ya ratiba mpya huandikwa kwa mpangilio wa njia ya basi: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka getini. Mpangilio huo unamfaa dereva. Mfanyakazi haendi vituo vyote, anapanda kimoja tu, na anachotaka kujua ni kama kesho akitoka nyumbani saa ile ile ya jana atalikuta basi au atalikosa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwa huyo atakayelikosa.

Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Kiwanda kiko Chang'ombe, Dar es Salaam. Kina zamu tatu: ya asubuhi inaanza saa 1:00, ya mchana saa 9:00 alasiri, ya usiku saa 5:00 usiku. Basi moja, Kosta, linaleta watu kutoka Gongo la Mboto kwa Barabara ya Nyerere, likipita Mombasa ya Ukonga, Banana, Uwanja wa Ndege na Tazara. Tangu ujenzi wa njia ya mwendokasi Awamu ya Tatu uingie kwenye barabara hiyo, vituo vimesogezwa, foleni imebadilika, na zamu ya asubuhi inachelewa. Uongozi umekubali mambo matatu: basi litoke mapema, kituo cha Uwanja wa Ndege kifutwe na cha Mombasa kisogezwe, na safari mbili za usiku ziunganishwe kuwa moja. Saa na vituo vya mfano huu nimevipanga ili hesabu ionekane. Wewe utaweka vyako.

Pima njia kwanza, andika baadaye

Tangazo zuri la saa mbovu ni hasara tupu. Kabla hujaandika neno, panda basi na dereva siku chache za kazi, Jumatatu ikiwemo, ukiandika dakika kutoka kituo hadi kituo. Usitafute wastani. Unataka namba mbili kwa kila kipande cha njia: siku nyepesi kabisa na siku mbaya kabisa.

Tuseme Gongo la Mboto hadi Banana ni dakika 15 siku nyepesi na 27 siku mbaya. Banana hadi Tazara ni 20 au 38. Tazara hadi getini ni 10 au 15. Siku mbaya, jumla ni dakika 80. Ratiba ya zamani ilitoa basi Gongo la Mboto saa 11:40 alfajiri, kwa hiyo siku mbaya lilifika getini saa 1:00 kamili, watu hawajavaa sare wala kuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio. Ukitaka siku mbaya lifike saa 12:40, yaani dakika 20 kabla ya zamu, rudi nyuma dakika 80: Gongo la Mboto ni saa 11:20.

Hapo ndipo wengi wanakosea. Saa ya kufika getini ipigwe kwa siku mbaya, lakini saa za vituo vya njiani zipigwe kwa siku nyepesi. Ukiweka Banana kwa hesabu ya siku mbaya, saa 11:47, basi siku barabara ikiwa wazi dereva atafika pale 11:35 na hana pa kuegesha dakika 12 pembeni ya barabara hiyo. Ataondoka, na mtu aliyekuja 11:45 kama tangazo lilivyomwambia atakuwa ameachwa na basi lililowahi. Kwa hiyo Banana inaandikwa 11:35, pamoja na sentensi moja ya kweli: siku ya foleni basi linaweza kuchelewa hadi dakika 12, lakini haliondoki kabla ya 11:35. Kungoja ni adha, ila anayengoja anafika kazini.

Kadiri basi linavyosonga, tofauti ya siku nyepesi na siku mbaya inakua. Tazara siku nyepesi ni saa 11:55, siku mbaya ni 12:25. Huwezi kumsimamisha mtu nusu saa. Chagua kituo kimoja chenye nafasi, ambapo basi likiwahi linasubiri bila kuziba njia. Katika mfano huu ni Tazara, kwenye uwanja wa sheli ulioombewa ruhusa. Tazara tunaandika saa 12:05 asubuhi. Basi likifika 11:55 linakaa dakika kumi. Siku mbaya abiria wa Tazara anangoja dakika 20 badala ya 30, na siku nyepesi bado basi linafika getini saa 12:15.

Kuna jambo jingine la kuhakikisha kabla ya kutangaza, kwa sababu likigunduliwa baadaye ratiba nzima inaanguka: dereva. Anayemaliza safari ya usiku hawezi kuwa ndiye anayeanza alfajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, yanayoweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi na masharti yake. Na kama mkataba wa mfanyakazi unataja usafiri kuwa sehemu ya stahili zake, kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinataka mabadiliko yajadiliwe naye kisha ajulishwe kwa maandishi. Tangazo la ubaoni peke yake halitoshi hapo. Ongea na tawi la chama cha wafanyakazi kabla, si baada ya malalamiko.

Panga mabadiliko kwa madhara yake

Sasa weka ratiba ya zamani na mpya kando kwa kando, uulize kila kituo swali moja: mtu asiyesoma tangazo hili atapatwa na nini?

Basi likisogezwa mbele, yaani likija baadaye kuliko zamani, asiyesoma atasimama kidogo na kulalamika. Likirudishwa nyuma, likija mapema, asiyesoma atalikosa kabisa. Kituo kikifutwa, atasimama hadi kupambazuke, kisha apande daladala kwa pesa yake. Safari ya mwisho ya usiku ikiletwa mapema, atabaki Chang'ombe karibu saa sita usiku. Hayo hayalingani, na tangazo lisiyafanye yalingane kwa kuyapanga kwenye jedwali moja lenye herufi za ukubwa mmoja.

Katika mfano wetu anayeumia zaidi ni abiria wa Uwanja wa Ndege. Zamani alipanda saa 12:03. Sasa kituo chake hakipo, anatakiwa awe Banana saa 11:35. Ni dakika 28 mapema, na juu yake kuna mwendo wa kurudi nyuma hadi Banana, gizani. Huyu hafai kujulishwa na mstari wa tano wa jedwali. Chukua orodha ya abiria, tafuta wote wanaopanda pale, umwite kila mmoja kabla tangazo halijatoka. Mara nyingi hapo ndipo unapata habari ambayo ofisini haikuwepo: kwamba wawili kati yao wanaishi karibu zaidi na kituo kingine, kwamba mmoja ana mtoto wa kumpeleka shule na afadhali ahamie zamu ya mchana. Ratiba inaweza hata kubadilika. Heri ibadilike ikiwa bado rasimu.

Saa ya Kiswahili au ya simu?

Hili ndilo linaloharibu matangazo ya usafiri kwetu kuliko jambo lolote, na halionekani mpaka siku yenyewe.

Tazama mfano wetu. Basi linapita Banana saa 11:35 alfajiri. Kwenye simu hiyo ni 05:35. Safari ya mwisho ya usiku inaondoka saa 5:40 usiku, kwenye simu 23:40. Sasa fikiria tangazo lililoandikwa na mtu aliyenakili saa ya Banana kutoka kwenye karatasi ya kampuni ya mabasi, na ya usiku akaiandika kama inavyotamkwa: «Banana 5:35. Safari ya mwisho 5:40.» Hizo zinaonekana kama zimepishana dakika tano. Msomaji mmoja anasoma zote kwa saa ya Kiswahili, mwingine zote kwa saa ya simu, na hakuna aliyezielewa zote mbili kama zilivyokusudiwa.

Kanuni ninayoishikilia ni hii. Saa ya Kiswahili ndiyo inayotangulia, kwa sababu ndiyo watu wanayoambiana kituoni, na haiandikwi kamwe bila neno la wakati wa siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Pembeni yake, kwenye mabano, inawekwa saa ya simu kwa tarakimu nne, sifuri ya mbele ikiwemo: saa 11:35 alfajiri (05:35). Sifuri ile ina kazi. Hakuna anayesoma 05:35 akadhani ni saa tano ya Kiswahili, lakini 5:35 inasomwa hivyo kila siku. Mabano yanawafaa wanaotegesha kengele ya simu, wageni wasiozoea saa zetu, na dereva ambaye karatasi yake ya safari imeandikwa kwa saa 24.

Angalia pia mpaka wa saa 12. Saa 11:35 ni alfajiri na 12:05 ni asubuhi, na dakika 30 tu zinazitenganisha. Anayesoma haraka huona «11» na «12» akafikiri ni mchana. Ndiyo maana neno alfajiri lirudiwe kwenye kila mstari, hata kama jedwali linaonekana limejaa. Kichwa cha safu kinachosema «alfajiri» mara moja juu kitapotea mtu atakapokata picha ya mstari wake na kumtumia mwenzake.

Kituo ni upande wa barabara, si jina tu

«Mombasa» ni jina la eneo. Basi halisimami kwenye eneo, linasimama kwenye sehemu moja ya lami, upande mmoja. Kwa barabara pana kama ya Nyerere, yenye njia ya mwendokasi katikati, kukosea upande ni kukosa basi: unaliona, linakuona, na huwezi kuvuka ovyo kulifuata.

Eleza kituo kwa vitu vitatu. Cha kwanza ni upande, ukiuita kwa mwelekeo: upande wa magari yanayoelekea mjini. Usiseme kulia au kushoto, kwani inategemea mtu anatazama wapi. Cha pili ni alama isiyohama na inayoonekana gizani. Sheli yenye taa inafaa. Meza ya mama ntilie haifai, kwa sababu saa 11 alfajiri haipo. Mti unafaa kama uko peke yake. Cha tatu ni uhusiano na kituo cha zamani: mbele yake au nyuma yake, na takribani hatua ngapi. Aliyezoea kituo cha zamani atakwenda pale kwanza, kwa hiyo maelezo yaanzie pale alipo. «Ukiwa kituo cha zamani, tembea kuelekea mjini, vuka makutano, simama mbele ya sheli.» Piga picha alfajiri, saa ambayo watu watasimama pale. Picha ya saa sita mchana inaonyesha mahali pengine kabisa.

Kumbuka na safari ya kurudi. Asubuhi mtu anapandia upande wa kwenda mjini, usiku anashushwa upande wa pili. Matangazo mengi yanataja vituo vya kupandia tu, na usiku wa kwanza abiria wanabishana na dereva wapi pa kushukia. Andika mstari mmoja: kurudi, basi linashusha vituo hivyo hivyo, upande wa magari yanayotoka mjini. Na kwa Uwanja wa Ndege ukate shauri waziwazi. Kama kituo kimefutwa asubuhi kwa sababu ya ujenzi, je, usiku kinashusha? Kama barabara inaruhusu, shusha. Si lazima kufuta kote kwa ajili ya ulinganifu.

Kabla ya kuandika jina la kituo kipya, dereva asimame pale mara moja saa hiyo hiyo ya safari. Kama askari wa usalama barabarani atamfukuza, au kama daladala zimeshapajaza, ujue leo.

Safari ya mwisho

Zamani kulikuwa na safari mbili baada ya zamu ya mchana kutoka saa 5:00 usiku: moja saa 5:15, nyingine saa 6:15. Sasa ni moja, saa 5:40 usiku (23:40). Hapa kuna makundi mawili na kila moja lina sentensi yake. Waliokuwa wakipanda 5:15 watangoja dakika 25 zaidi, wataudhika tu. Waliokuwa wakipanda 6:15 ndio wenye tatizo, kwa sababu sasa wana dakika 40 tu za kumaliza walichokuwa wakikimaliza kwa saa nzima na robo.

Ni akina nani? Usikisie. Chukua kumbukumbu za mashine ya mahudhurio za mwezi mmoja uliopita, utafute waliotoka baada ya saa 5:30 usiku. Mara nyingi wataonekana wale wale: wanaoosha mitambo, watu wa maabara ya ubora, mhasibu wa stoo anayefunga hesabu, mpishi wa kantini. Kisha nenda kwa msimamizi wao na uulize kama kazi hiyo inaweza kwisha saa 5:30. Kama haiwezi, tangazo haliwezi kuiamuru iwezekane. Ama kazi ihamie kwa zamu ya usiku, ama saa ya basi isogee, ama kuwe na gari mbadala.

Gari mbadala liandikwe kwenye tangazo lenyewe. Nani anapigiwa simu, kwa namba ipi, nani analipa, mtu anasubiri wapi. «Wasiliana na uongozi» saa sita usiku ni maneno matupu. Andika cheo cha aliyepo kazini usiku huo, kwa kawaida msimamizi wa zamu, na namba ya simu inayobaki getini hata msimamizi akibadilika.

Fafanua pia neno «kuondoka». Saa 5:40 ni magurudumu kuzunguka au ni mlango kufunguliwa? Andika yote mawili: mlango unafunguliwa saa 5:25, basi linatoka getini saa 5:40. Halafu uamue kama basi linasubiri. Mimi naona lisubiri kwa njia moja tu: msimamizi wa zamu akimpigia dereva kabla ya 5:40, kwa dakika zisizozidi tano. Bila mpaka huo, ndani ya wiki mbili safari ya 5:40 itakuwa ya saa 6, na anayeshuka Gongo la Mboto atakuwa anafika nyumbani amechelewa kila siku.

Na kama safari yako ya mwisho inapita saa 6 usiku, iandike kwa siku mbili: «usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne». Saa 6:15 usiku ya Jumatatu, kwa simu, ni Jumanne 00:15, na kwa watu wengi bado ni Jumatatu usiku. Hapa kiwanda chetu kimepata faraja ndogo: saa 5:40 haina utata huo.

Siku ya kuanza

«Kuanzia Jumatatu, 15 Juni 2026» inaonekana safi mpaka umkumbuke aliyeingia zamu ya usiku Jumapili. Amekuja kwa ratiba ya zamani, anatoka Jumatatu asubuhi. Basi lipi linamrudisha? Taja safari, usitaje siku tu: safari ya mwisho ya ratiba ya zamani ni ile ya usiku wa Jumapili, 14 Juni, kuamkia Jumatatu, ya kwanza ya ratiba mpya ni ya Jumatatu alfajiri kutoka Gongo la Mboto saa 11:20.

Tangazo litoke wiki mbili kabla. Kwa zamu zinazozunguka kila wiki, wiki mbili zinampitisha kila mtu mbele ya ubao katika zamu zaidi ya moja. Wiki tatu ni nyingi mno. Watu wanasoma, wanasahau, wanarudi mazoea. Usianzishe ratiba siku inayofuata sikukuu, au wiki ya kwanza ya Ramadhani ambapo saa za watu zimeshabadilika zenyewe.

Tangazo lenyewe

Likikaa ukurasa mmoja, linasomeka hivi:

> BASI LA GONGO LA MBOTO LINAONDOKA MAPEMA KULIKO ZAMANI
> kuanzia Jumatatu, 15 Juni 2026, alfajiri
> (Toleo la 1, limetolewa 1 Juni 2026)
>
> Unapanda Uwanja wa Ndege? Asubuhi basi halitasimama tena hapo. Panda Banana, saa 11:35 alfajiri (05:35).
>
> Unapanda Mombasa? Kituo kimehama. Ukiwa kituo cha zamani, tembea kuelekea mjini, vuka makutano, simama mbele ya sheli. Saa 11:27 alfajiri (05:27).
>
> Unatoka kazini usiku? Safari ni moja tu: saa 5:40 usiku (23:40). Safari za saa 5:15 na saa 6:15 hazipo tena. Mlango unafunguliwa saa 5:25 usiku.
>
> Kwenda kazini, zamu ya asubuhi (simama upande wa magari yanayoelekea mjini)
>
> | Kituo | Zamani | Sasa |
> |---|---|---|
> | Gongo la Mboto | 11:40 alfajiri | 11:20 alfajiri (05:20) |
> | Mombasa, mbele ya sheli | 11:48 alfajiri | 11:27 alfajiri (05:27) |
> | Banana | 11:57 alfajiri | 11:35 alfajiri (05:35) |
> | Uwanja wa Ndege | 12:03 asubuhi | Halisimami. Panda Banana |
> | Tazara, uwanja wa sheli | 12:25 asubuhi | 12:05 asubuhi (06:05) |
>
> Basi haliondoki kituoni kabla ya saa iliyoandikwa. Siku ya foleni linaweza kuchelewa: Banana hadi dakika 12, Tazara hadi dakika 20. Getini linafika si zaidi ya saa 12:40 asubuhi.
>
> Kurudi, basi linashusha upande wa magari yanayotoka mjini, na Uwanja wa Ndege linashusha.
>
> Kazi ikikuweka zaidi ya saa 5:40 usiku, mwambie msimamizi wa zamu kabla ya saa 5:30. Kampuni italipa gari la kukurudisha. Subiri ndani ya geti. Simu ya geti: ________
>
> Sababu: ujenzi wa barabara umeongeza muda wa safari, na zamu ya asubuhi imekuwa ikichelewa.
>
> Ratiba zote zilizotolewa kabla ya hii zimefutwa.

Tazama sababu ilipokaa: chini, sentensi moja. Ofisi hupenda kuanza na aya ya «Uongozi unapenda kuwataarifu wafanyakazi wote kwamba kutokana na…», na aya hiyo inakula mahali pekee ambapo kila mtu anatazama. Sababu ni haki ya msomaji, lakini haimpandishi mtu basi. Kichwa nacho kisiwe «Mabadiliko ya ratiba». Hicho kingefaa kwa badiliko lolote la mwaka wowote; «linaondoka mapema» kinamfanya mtu asimame asome.

Safu ya zamani iko kwa makusudi, kwa sababu mtu anatafuta saa anayoijua kwanza, kisha anasoma iliyo pembeni. Iandike kwa herufi hafifu na bila saa ya simu, isije ikasomwa kama ndiyo mpya.

Kulifikisha

Bandika ubaoni getini, kantini na vyumba vya kubadilishia nguo. Bandika pia ndani ya basi, nyuma ya kiti cha dereva na karibu na mlango, kwa sababu hapo ndipo wanaohusika wote wanakaa zaidi ya saa nzima kila siku bila kazi. Kama ni lazima uchague mahali pamoja tu, chagua ndani ya basi.

Kwenye WhatsApp, tuma maandishi, kisha picha. Picha peke yake haisomeki kwenye simu ndogo, na ikisambazwa bila maelezo inazunguka miezi sita baadaye kama ratiba ya leo. Ndiyo maana toleo na tarehe viko ndani ya tangazo lenyewe. Na usifanye badiliko kwa kuandika chini ya ujumbe wa awali «samahani, Banana ni 11:38». Toa Toleo la 2 zima, ufute la 1 kote, ubaoni na kwenye kundi.

Wapo wasio na simu janja. Ujumbe mfupi wa kawaida una nafasi ya herufi 160, na ratiba hii inaenea:

> Basi la G/Mboto J3 15 Juni: G/Mboto 11:20 alfajiri, Mombasa 11:27, Banana 11:35, Tazara 12:05. Uwanja wa Ndege halisimami. La mwisho usiku saa 5:40.

Neno alfajiri limeingia mara moja tu hapo, kwa kubanwa na nafasi. Ni ujumbe wa kumkumbusha aliyekwisha kusoma, haufai kuwa tangazo la kwanza.

Kisha kuna mdomo. Msimamizi alisome wakati wa kupokezana zamu, katika kila zamu. Dereva naye apewe karatasi mapema na aombwe ayaeleze mabadiliko kwa maneno yake, maana abiria watamwuliza yeye kabla ya ofisi, na jibu lake ndilo watakaloliamini. Dereva akisema «hata mimi sijui vizuri», karatasi zako zote zimekufa.

Wanaosahaulika ni walio likizo, wagonjwa, vibarua wanaoitwa kwa siku, na walinzi wa kampuni ya nje ambao wanapanda basi hilo lakini hawamo kwenye kundi lolote la kiwanda. Pitia orodha ya abiria, weka alama kwa kila aliyejulishwa ana kwa ana au aliyejibu ujumbe. Asiyejibu hadi Alhamisi, 11 Juni, apigiwe simu.

Siku za mwanzo

Asubuhi ya Jumatatu, mtu mmoja wa ofisi asimame Uwanja wa Ndege kuanzia saa 11:30 alfajiri, mwingine kituo cha zamani cha Mombasa kuanzia 11:15, kila mmoja akiwa na simu ya dereva. Wa Mombasa atamwelekeza mtu mbele ya sheli angali na muda. Wa Uwanja wa Ndege atakuta basi limeshapita Banana au linakaribia, kwa hiyo awe na ruhusa mkononi ya kumsimamisha dereva siku hizo chache, mahali mlipokubaliana kabla. Bila ruhusa hiyo anakwenda kushuhudia tu watu wakiachwa.

Dereva aandike saa halisi ya kutoka kila kituo kwa wiki mbili. Usisome wastani wake. Tafuta jambo moja: je, kuna siku basi liliondoka kabla ya saa iliyotangazwa? Hata mara moja ni kosa la kushughulikia siku hiyo hiyo, kwa dereva, si kwa ratiba. Kisha tazama kuchelewa. Kama Banana linavuka dakika 12 zaidi ya mara moja kwa wiki, ahadi uliyoandika si ya kweli, na inabidi ama basi litoke mapema zaidi ama sentensi ibadilishwe.

Usiku, hesabu magari mbadala yaliyoitwa baada ya saa 5:40. Yakiitwa kila siku kwa idara ile ile, hao si wachelewaji. Zamu yao haijalingana na basi. Yasipoitwa kabisa, muulize mlinzi wa geti kama kuna wanaotoka kwa miguu kutafuta bodaboda. Wengine wanaona aibu kuomba gari, na kwenye karatasi zako safari ya mwisho itaonekana haina tatizo lolote.